Kilima kilichokuwa mkarafuu: kuchora mkato wa barabara kutoka modeli ya mwinuko

Mzee mwenye shamba alinisimamisha njiani, juu ya Mkoani, Pemba, akaniuliza: "Mwanangu, hivi vigingi vyenu vimeingia shambani mwangu kote huku, mnajenga barabara au uwanja?" Nilirudi kwenye mkato niliouchora siku mbili kabla. Mzee alikuwa na haki. Nilikuwa nimekata mkarafuu nikidhani nakata kilima.

Mkato wenyewe, au krosi seksheni kama tunavyosema kazini, ni mchoro wa umbo la ardhi kutoka upande mmoja wa barabara hadi wa pili. Huu ulikuwa chenaji 0+340, yaani mita 340 kutoka mwanzo wa barabara, mita 15 kila upande wa mstari wa katikati. Njia ya mashine ilitakiwa iwe na upana wa mita 9, yaani mita 4.5 kila upande, na ukingo wa kuchimbwa upande wa kulia ulikuwa wa 1:1: kila mita moja unayokwenda pembeni, unapanda mita moja. Mfereji niuache hapa ili hesabu iwe nyepesi. Penye ukingo wa njia, ardhi halisi ilikuwa juu ya kiwango cha usanifu kwa mita 2, na kutoka hapo inapanda polepole, mita 1 kwa kila mita 5. Basi mteremko wa kuchimba unakutana na ardhi mita 2.5 mbele (mita 2 za mwanzo, ongeza nusu mita ambayo ardhi imepanda, sawa na 2.5), yaani mita 7 kutoka katikati.

Mchoro wangu ulionyesha mita 12. Modeli niliyotumia ilikuwa ya uso, iliyotengenezwa kwa picha za droni, na droni inaona majani. Taji la mti lilianza mita 6 na kuishia mita 12, na mstari wa kuchimba ukaingia chini yake ukatokea upande wa pili. Mita 5 za ziada za shamba la karafuu: vigingi vimeshapigwa, na mzee keshaanza kuhesabu miti ya kulipwa fidia.

Siku hizi sichukui nundu yoyote kwa imani. Nachora mkato mwingine mita 5 mbele na mwingine mita 5 nyuma. Kilima kitaonekana kwenye yote mitatu, hata kikipungua. Mti hupotea. Tena nundu ya mti ina kuta wima, na udongo wetu hauwezi kusimama hivyo shambani. Kisha naweka mstari juu ya picha ya angani. Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni kuanzia 2016 chini ya Zanzibar Mapping Initiative, na mkarafuu unauona waziwazi. Penye miti iliyoshikana, ambapo droni haikuona udongo hata kidogo, hakuna kichujio kitakachokupa ardhi. Nenda na leveli ukapime mwenyewe.

Jambo la pili ni uelekeo. Mkato uwe na pembe mraba kwa barabara, si kwa kipande kifupi cha mstari uliouchora kwa mkono unaotetemeka. Mimi nachukua nukta mbili, mita 10 nyuma na mita 10 mbele. Hapa zilitofautiana mita 12 kwenda mashariki na 16 kwenda kaskazini, umbali mita 20. Ukigawa unapata 0.6 na 0.8. Kulia kwa mwenye kutazama mbele ni 0.8 mashariki, 0.6 kusini:

```python
import numpy as np, rasterio
E, N = 574200.0, 9407600.0
uE, uN = 0.6, 0.8
d = np.arange(-15, 15.5, 0.5)
pts = [(E + k*uN, N - k*uE) for k in d]
with rasterio.open("dtm.tif") as r:
    z = [v[0] for v in r.sample(pts)]
```

Faili la modeli ya ardhi liwe kwenye `EPSG:32737`, ili umbali uwe mita na si digrii. Namba hasi ni kushoto. Nafasi ya nusu mita inatosha kwa modeli ya nusu mita. Usijaribu hivi na SRTM, modeli ya mwinuko iliyopimwa kutoka chombo cha anga, ambayo kisanduku chake ni karibu mita 30: mkato mzima utaangukia kisanduku kimoja hadi vitatu, na utapata ardhi bapa yenye ngazi moja au mbili, nzuri kuitazama, haina maana yoyote.

Mwisho, linganisha na leveli nukta chache: katikati, ukingoni, na juu penye mwinuko. Tofauti ikiwa ileile kila nukta, shida ni msingi wa vimo, si ardhi. Vimo vya GPS ghafi pwani yetu husoma makumi ya mita chini ya kimo cha bahari, hata ufukweni utaona namba hasi; toa tofauti hiyo, endelea. Tofauti ikirukaruka, rudi kwenye miti.

Yule mzee tulimng'olea vigingi tukavirudisha mita 7 kutoka katikati. Alivihesabu mwenyewe.