Kutoka meseji ya simu hadi pendekezo la ushirikiano

Tuchukue meseji ya aina ambayo wenye biashara ndogo hutumiana kila siku. Mpiga picha wa sherehe anamwandikia mwenye karakana ya uchapaji: "Kaka, wateja wangu wanauliza sana albamu na fremu. Niwe nakuletea wewe, unifanyie bei nzuri, halafu faida tugawane. Na wewe wakija wanaotafuta mpiga picha, nitumie. Tuanze hata mwezi ujao." Mchapaji anajibu: "Poa, niko tayari. Ila msimu wa sherehe kazi ni nyingi, uniambie mapema."

Ukipewa kazi ya kugeuza maneno haya kuwa pendekezo rasmi, usianze kwa kuyapamba. Kosa la kwanza la mwandishi mgeni ni kubadilisha "poa, niko tayari" kuwa "pande zote zimeafikiana kwa dhati", ilhali hawajaafikiana jambo lolote linalopimika. Chukua karatasi, upitie sentensi moja moja, na uitie katika moja ya mafungu matatu: lililoamuliwa, lililodokezwa, na ambalo halikutajwa kabisa. Hapa lililoamuliwa ni moja tu, kwamba kila mmoja atampelekea mwenzake wateja. "Bei nzuri", "faida tugawane", "mwezi ujao" na "mapema" yote ni madokezo. Nani atapokea fedha ya mteja, na nani atagharimia albamu ikiharibika, hakuna aliyegusia. Madokezo na mapengo hayo ndiyo maswali yako kwa wahusika. Usiyajaze kwa kubuni, hata kama jibu unaliona liko wazi.

Swali linalostahili muda mwingi kuliko mengine ni la fedha, kwa sababu meseji ile inaomba vitu viwili kwa pamoja: punguzo na mgawo. Piga hesabu kabla ya kuandika. Tuseme albamu inauzwa 100. Karatasi, wino na jalada vinakula 55, zinabaki 45. Mpiga picha akisikia "faida" anaiona hiyo 45, hivyo anatarajia nusu yake, yaani 22.5. Mchapaji anaondoa pia 25 za kodi ya chumba, umeme na vibarua, kwa hiyo faida yake ni 20 na nusu ni 10. Neno ni moja, lakini kila mtu ana hesabu yake, na ugomvi utaanza siku ya malipo ya kwanza.

Ndiyo maana mgawo huandikwa kama asilimia ya bei aliyolipa mteja, ambayo wote wawili wanaiona kwenye risiti. Lakini asilimia nayo ipimwe. Wakikubaliana punguzo la asilimia 15 pamoja na kamisheni ya asilimia 12, albamu itauzwa 85. Toa gharama zote 80, zinabaki 5, na kamisheni peke yake ni 10.2. Mchapaji anapata hasara ya 5.2 kwa kila albamu, na kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo anavyozama. Warudishie wahusika hesabu hii wachague kimoja. Bila punguzo, kamisheni ya asilimia 8 inamwachia mchapaji 12, na hapo kila upande unaona kitu.

Kuna sababu nyingine ya kukwepa kifungu cha "kugawana faida". Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo nchi nyingi zilifuata mfano wake, inahesabu kupokea sehemu ya faida ya biashara kuwa dalili ya awali kwamba mpokeaji ni mbia, na mbia hubeba madeni ya ubia. Kugawana mapato ghafi, kwa jambo hilo peke yake, hakuundi ubia. Kwa hiyo andika "ushirikiano", usiandike "ubia", na weka sentensi inayosema kila biashara inabaki na wateja wake wa awali, kodi zake na madeni yake. Sentensi hiyo haiwezi kufuta hali halisi ikiwa kwa vitendo wanaendesha biashara moja. Ikiwa fedha ni nyingi, wakili asome kabla ya sahihi.

Sasa lugha. Kiswahili kina mitego miwili hapa. Wa kwanza ni kauli ya kutendwa: "albamu zitakabidhiwa ndani ya siku kumi" haisemi nani anakabidhi, wala siku zinaanza kuhesabiwa lini. Wa pili ni "tu-" ya urafiki: "tutafuata mzigo" inamficha mwenye jukumu. Kila kitenzi kipe mtendaji wake. Kipengele cha oda kitasomeka hivi:

"Mpiga picha atatuma faili na fomu ya oda. Mchapaji atachapa ukurasa mmoja wa sampuli ndani ya siku 2 za kazi. Mpiga picha akishaidhinisha sampuli kwa maandishi, mchapaji atakamilisha albamu ndani ya siku 10 za kazi. Kwa oda zinazozidi 5 kwa wiki moja, mpiga picha atatoa taarifa siku 21 kabla."

Siku hizo 21 ndizo tafsiri ya "uniambie mapema", na lazima zitoke kwa mchapaji mwenyewe.

Sampuli ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, maana ndiyo inayoamua nani analipia kurudia kazi. Rangi ikiwa mbaya kwenye sampuli na mpiga picha akaidhinisha, gharama ni yake. Albamu ikitofautiana na sampuli, gharama ni ya mchapaji. Taja pia kiwango cha faili. Kwa picha ya sentimita 30 kwa 40 yenye nukta 300 kwa inchi, faili iwe na nukta zisizopungua 3543 kwa 4724. Faili ndogo zaidi mchapaji airudishe kabla ya kuchapa sampuli, asijaribu kuivumilia.

Mambo mengine ni mafupi. Mteja amlipe mchapaji moja kwa moja na apewe risiti yenye jina la aliyemleta. Mchapaji alipe kamisheni kila tarehe 5 kwa mauzo ya mwezi uliopita. Upande wa pili, wateja wanaoelekezwa kwa mpiga picha, uwe na asilimia yake na hesabu yake, kwa sababu gharama za kupiga picha si za kuchapa. Majaribio yawe miezi 3 au oda 15, lolote litakalotangulia, kisha wakutane na orodha ya oda mezani. Kuacha kuwe kwa taarifa ya siku 14, huku oda zilizokwisha idhinishwa zikimaliziwa na kamisheni zake zikilipwa.

Pendekezo zima lisizidi kurasa mbili: anza na kusudi kwa sentensi mbili, kisha majukumu, fedha, ubora, muda na namna ya kuacha. Juu andika "Pendekezo la Ushirikiano" na tarehe ya mwisho ya kujibu. Lolote ambalo bado halijakubaliwa liweke ndani ya mabano ya mraba, kwa mfano "[asilimia 8]", ili msomaji asilidhanie limepita. Kila kipengele kipe namba, na mwombe mpokeaji ajibu kwa namba hizo: nakubali 1 hadi 4, la 5 nataka siku 12. Akijibu "sawa" tu, mrudishie na umuulize hasa vile vya mabano.