Saa 27, mitihani mitatu

«Yaya, nimebakiza saa 27 na kozi tatu hapa Bukavu: Takwimu kredi 5, Sheria 3, Uchumi 2. Sasa napata 8 Takwimu, 11 Sheria na 10 Uchumi; nataka 12 kwa 20 kila kozi. Nigawe saa sawasawa, au nifuate kredi peke yake kama ndugu mmoja alivyosema?»

Hapana, mdogo wangu. Zidisha kredi kwa pointi zinazokupungukia. Kufika 12, unapungukiwa pointi 4 Takwimu, 1 Sheria na 2 Uchumi. Basi Takwimu 5×4 ni 20, Sheria 3×1 ni 3, Uchumi 2×2 ni 4. Jumla 27, kama saa zako: Takwimu saa 20, Sheria 3, Uchumi 4.

Ndugu aliyesema ufuate kredi peke yake ana nusu ya haki. Kwa hesabu yake Sheria ingechukua saa 8, na unakosa pointi moja tu.

Hizo 8 na 11 zisiwe za kukisia. Mimi nilijipa 11 kwa sababu nilielewa nikisoma daftari, kumbe kwenye karatasi ya mwaka uliopita, saa mkononi, nilipata 7. Fanya karatasi kama hiyo kwanza, na nyingine baada ya saa 8 za Takwimu. Ikiwa bado uko 8, usiendelee kusoma vilevile; keti na mwenzako anayeiweza. Ikigoma hata hapo, kupeleka saa zake Uchumi au kushikilia kunategemea kama shule yako inaruhusu kozi moja ifidie nyingine. Uliza sekretarieti leo.