Kitenzi Kikuongoze Kuchagua Wa, Ya, La, Za, Cha au Vya

Katika kusahihisha insha za wanafunzi, nimeona kwamba wengi huandika "meza wa walimu" kwa sababu jicho lao limevutwa na neno "walimu" lililo mbele, ilhali a-unganifu hufuata kile kinachomilikiwa, si mwenye kukimiliki. Ninachowashauri ni kuweka neno la umiliki kando kwanza, kisha kukitungia kitu chenyewe sentensi yenye kitenzi.

Tukisema "kiti kimevunjika", kiambishi "ki" kikiungana na "a" hutupa "cha", hivyo tunaandika "kiti cha babu". "Viti vimevunjika" hutupa "vya", "jembe limevunjika" hutupa "la", "mlango umevunjika" hutupa "wa", na "milango imevunjika" hutupa "ya". Kwa meza tunasema "meza imehamishwa", basi ni "meza ya walimu". Zikiwa nyingi tunasema "meza zimehamishwa", basi ni "meza za walimu". Hapa inafaa kuwa makini zaidi, kwa kuwa neno "meza" halibadiliki katika wingi, na msomaji hujua idadi kwa "ya" au "za" peke yake.

Viumbe hai huhitaji uangalifu, maana umbo la neno linaweza kupotosha. "Kiongozi" huanza na "ki", lakini husemwa "kiongozi amefika", kwa hiyo ni "kiongozi wa kijiji" na "viongozi wa kijiji", kama ilivyo "mbwa wa jirani". Njia hii haitoshi kwa vimilikishi vya udugu na urafiki: twaandika "rafiki wa Asha", lakini "rafiki yangu" na "ndugu zangu", na haya hayana budi kukaririwa.

Njia hii pia hutegemea sikio. Aliyezoea kusema "gari imeharibika" ataandika "gari ya mjomba" bila kushtuka. Kwa jina la kitu kama hilo, mwambie aangalie wingi wake: ni "magari", kama "maduka" na "majembe", basi umoja wake katika Kiswahili sanifu ni "gari la mjomba", na wingi ni "magari ya mjomba".

Majina yakiwa mawili kabla ya a-unganifu, upatanisho huamua maana, na kwangu hapa ndipo faida yake huonekana vizuri zaidi. Ukiandika "kikombe cha mgeni cha bati", "cha" ya pili hurudi kwenye kikombe, nasi tunajua kwamba kikombe ndicho cha bati. Ukiandika "kikombe cha mgeni wa Pemba", "wa" humrudia mgeni, kwa hiyo aliyetoka Pemba ni yeye, na kikombe huenda kimenunuliwa Tanga.