Makali yaliyolala na makali yaliyolika

Wiki hii nimemwona mwanafunzi wa fildi akisimama pembeni ya meza ya mboga, anapiga stili, ile fimbo ya chuma ya kupitishia kisu, kama anayefukuza nyoka. Mara thelathini, arobaini, shwa shwa shwa. Akamaliza, akaniambia, "Shefu, kisu nimekinoa." Nikampa nyanya. Kisu kikaibonyeza mpaka ikatoa maji ubavuni, ganda likiwa zima. Ni kijana mwenye bidii na ninampenda, lakini ni wa nne mwaka huu, na wote wanne wametamka neno hilohilo: nimekinoa. Naandika ili wa tano asinikute nimekasirika.

1. Stili hainoi. Inaamsha.

Makali ya kisu kizuri ni membamba kuliko karatasi, na kila yakigonga ubao yanapinda kidogo upande mmoja. Chuma bado kipo, ila kimelala. Stili inakisimamisha tena, basi. Ndiyo maana inafanya kazi asubuhi kabla ya zamu, kwenye kisu ambacho jana kilikuwa kinapata. Simamisha stili wima, ncha yake juu ya kitambaa chenye unyevu, vuta kisu kutoka shinani mpaka nchani, mara tano kila upande kwa kupokezana, mkono mwepesi. Uzito wa kisu wenyewe unatosha. Ukikandamiza unayapindisha makali zaidi, na ukiinua mgongo wa kisu kupita kiasi unayaviringa.

Jiwe ni habari nyingine. Jiwe linaondoa chuma na kutengeneza makali mapya pale ya zamani yalipolika. Makali yaliyolika yamekuwa duara, hakuna kilicholala cha kuamshwa. Kisu cha namna hiyo ukikipiga stili mpaka magharibi, unauchosha mkono wako tu.

Kutofautisha ni rahisi. Piga stili mara tano tano, kisha weka kisu juu ya ganda la nyanya na ukivute bila kukandamiza. Kikiuma ganda, kilikuwa kimelala. Kikiteleza, acha stili, chukua jiwe. Au kigeuze makali juu chini ya taa: makali mazima hayaonekani kabisa, lakini palipolika pana mstari mweupe unaong'aa.

2. Kwa nini kisu butu ndicho kinachokata mkono.

Hapa nawaeleza kwa kidole changu.

Nilikuwa na mwaka mmoja jikoni, Dar es Salaam, na mawe ya kunolea yalikuwa kwenye droo ya mpishi mzee tuliyemwita Babu. Hakuna aliyenikataza kuyagusa. Ila sikujua kuyatumia na niliona aibu kuuliza, kwa sababu nilipoajiriwa nilisema najua kila kitu. Kwa hiyo nikawa napiga stili. Miezi ikapita. Kila kisu kilipozidi kuwa butu niliongeza mapigo na nguvu. Babu alinipita siku moja akasema, "Mwanangu, unagonga chuma, hunoi." Nikaitikia ndiyo Babu, nikaendelea.

Dalili zote zilikuwepo. Giligilani yangu ilikuwa nyeusi na imelowa dakika chache baada ya kukatwa, kwa sababu nilikuwa naiponda. Vitunguu vilinitoa machozi kuliko wenzangu wa meza hiyohiyo. Nilidhani macho yangu ni dhaifu. Kumbe kisu butu kinaponda kitunguu badala ya kukipasua, na kikipondwa ndipo kinatoa ule ukali mwingi.

Ijumaa moja tulikuwa na harusi, biriani, na nilipewa vitunguu kilo 20 vya kukaanga. Nilifika labda kilo ya nane. Bega lilikuwa linauma kwa kukandamiza. Nikaweka kisu juu ya mgongo wa kitunguu, hakikuingia, nikaongeza nguvu.

Sikilizeni kilichotokea pale, maana ndicho kiini. Makali mazuri yanagusa sehemu ndogo mno ya ganda, hivyo nguvu kidogo inalipasua na kisu kinazama pale pale ulipokiweka. Makali yaliyolika yanakaa juu ya ganda kama mgongo wa kijiko. Ganda halipasuki, na kisu kinatafuta njia nyingine. Mgongo wa kitunguu ni mteremko, na chini ya mteremko kuna vidole vinavyokishika. Nguvu yote uliyoongeza bado iko ndani ya mkono wako, na kisu kinapoteleza inaondoka nacho. Wala usijidanganye kwamba kisu kilichoshindwa na kitunguu kitashindwa na ngozi. Kwa nguvu ile kinaingia.

Kiliingia kidole cha shahada cha kushoto, juu, karibu na kiungo cha mwisho. Maumivu hayakuwa makali kama nilivyotarajia. Kilichonitisha ni kwamba ncha ya kidole ilikuwa imeinama na nilipoiamuru inyooke haikunyooka. Hospitalini waliniambia kano inayoinyoosha imekatika. Nikashonwa, nikafungwa banzi, na kidole kikatakiwa kubaki kimenyooka wiki sita usiku na mchana, hata wakati wa kuoga. Vitunguu vyote vya mezani vilitupwa, na wenzangu wakaanza upya huku wageni wakifika. Babu alimaliza vyake na vyangu. Hakunisema. Ningependa angenisema.

Mpaka leo ncha hiyo inainama kidogo, na ninaisikia kila ninapokanda unga wa chapati.

3. Jiwe, kwa hatua nilizofundishwa na Babu banzi lilipotoka.

Namba 1000 inatosha kwa kazi ya kila siku. Lenye chembe kubwa, kama 400, ni la kisu kilichomeguka. Lilowekwe majini mpaka viputo viishe, likae juu ya taulo lenye unyevu lisitembee. Kwa kisu ambacho ubapa wake una upana wa sentimita 5, inua mgongo kama sentimita moja na nusu kutoka kwenye jiwe, na urefu huo usibadilike. Hapo ndipo wengi wanaharibu, kwa kuyumba kifundo. Mimi Babu aliniwekea sarafu kadhaa chini ya mgongo wa kisu, nikakaa hivyo bila kunoa, dakika nzima, mkono ujifunze.

Noa upande mmoja mpaka uusikie uzi wa chuma umejikunja upande wa pili. Unaupapasa kwa dole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali. Uzi ukiwepo toka shina mpaka ncha, geuza. Usipokuwepo hujamaliza, hata kama umechoka. Ukipatikana pande zote mbili, pokezana kwa mkono mwepesi zaidi na zaidi mpaka uzi utoweke. Ukiuacha, kisu kitapata vizuri leo, kesho kitakuwa kama hakijawahi kuona jiwe, na utalilaumu jiwe.

Kisu changu cha vitunguu kinaenda kwenye jiwe kila wiki mbili hivi.

4. Mengine kwa ufupi: usikokote mboga ubaoni kwa makali, geuza kisu utumie mgongo. Kisu cha mkate chenye meno hakipigwi stili. Sahani ya kioo si ubao.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya maandalizi ya kifungua kinywa, mawe matatu yatakuwa yamelowa kwenye sinki la nyuma. Kila mtu na kisu chake na taulo lake. Asiyejua aseme hajui, nitamwekea sarafu.