Hasira isiyosikika: tazama konsonanti zako

"Mstari wangu 'Uliniumiza moyo, nami nimelia' ni wa hasira, mbona ukiimbwa unasikika wa huzuni?"

Ndugu, mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na katika mstari wako silabi hizo ni mi, mo, na, li. Zote zinaanza kwa konsonanti laini, ambazo mwimbaji anaweza kuzivuta bila sauti kukatika, kwa hiyo sikio linapokea maombolezo hata kama maneno yanalaumu.

Linganisha na huu, wenye mizani 14 kama wako: "Uliteketeza pato, kisha ukacheka." Sasa mkazo uko kwenye te, pa, ki, che, kila mara pumzi inazibwa kabisa, kisha inaachiliwa kwa kishindo, na hicho kishindo ndicho kinachobeba hasira.

Hata hivyo, usiukaze wimbo mzima, kwa sababu sikio huzoea upesi, na p nyingi hupasuka vibaya kwenye maikrofoni. Mimi ningeuhifadhi mstari wako wa awali uufunge ubeti, pale ambapo hasira inageuka kuwa maumivu.