Majibu ya kiotomatiki ya imeili wakati wa likizo

"Wakuu, naanza likizo ya mwaka tarehe 1 Desemba 2025. Mimi ni afisa ununuzi, natumia Gmail ya ofisi. Bosi ameniagiza niache ujumbe unaojijibu wenyewe, useme narudi lini na nani ashughulikie mambo ya dharura. Niuandike vipi?"

Mkuu, nimefanya kazi ya ukatibu muhtasi kwa muda mrefu, na watumishi wanapokuwa likizo mimi ndiye ninayepokea simu za watu ambao ujumbe wa aina hii haukuwasaidia. Malalamiko yao karibu yote yanatokana na mambo mawili: tarehe isiyoeleweka, na mtu wa dharura ambaye hana taarifa yoyote.

Tuanze na tarehe. Ukiandika "nipo likizo hadi tarehe 28", msomaji mmoja ataelewa kwamba tarehe 28 upo mezani, na mwingine ataelewa kwamba siku hiyo bado upo nyumbani. Kwa sheria ya kazi ya Tanzania Bara, likizo ya mwaka ni angalau siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Kwa hiyo, kama umepewa siku 28 kamili, tarehe 9, 25 na 26 Desemba hazikuongezei siku. Likizo inaisha Jumapili, tarehe 28, nawe unaripoti Jumatatu, tarehe 29. Andika siku hiyo ya kuripoti peke yake, pamoja na jina la siku, ili hata aliyekosea tarehe asahihishwe na neno "Jumatatu".

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Watu wengi wanaoandikiwa "kwa dharura wasiliana na kaimu wangu" hudhani kwamba barua yao imekwishamfikia huyo kaimu, wakatulia kusubiri. Ukweli ni kwamba ujumbe huu unamjibu mtumaji tu, haupeleki barua kwa mtu mwingine yeyote. Niliwahi kupokea simu ya mzabuni aliyesubiri karibu wiki nzima saini ya hati ya kupokelea mzigo, kwa sababu aliamini kaimu alikuwa anaisoma barua ile ile, ilhali kaimu hakuwa hata na habari kwamba mzigo umefika. Mwambie mtumaji waziwazi kwamba anapaswa kuituma upya, na umtajie ni mambo gani yanayohesabika kuwa ya dharura, la sivyo kila anayeulizia ankara yake ataona yake ndiyo ya haraka.

Kwa nafasi yako ningeandika hivi:

"Asante kwa barua yako. Nipo likizo ya mwaka na nitarejea ofisini Jumatatu, tarehe 29 Desemba 2025. Barua yako haitasomwa kabla ya siku hiyo, wala haijapelekwa kwa mtu mwingine. Ikiwa jambo lako linahusu mzigo uliofika, au zabuni inayofungwa kabla ya tarehe hiyo, tafadhali itume upya kwa Kaimu Afisa Ununuzi kupitia [anwani ya idara] au piga simu [namba ya ofisi]. Mambo mengine nitayajibu nikirejea."

Tumia anwani ya idara badala ya anwani binafsi ya kaimu, kwani naye anaweza kuugua katikati ya likizo yako. Usieleze unasafiri kwenda wapi wala usiweke namba yako binafsi, maana ujumbe huu humfikia hata mtu usiyemjua. Kabla ya kuondoka, kaa na kaimu mpitie zabuni zilizo wazi na mizigo iliyo njiani, umwambie pia maneno uliyoyaandika, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa.

Kwenye Gmail ya kompyuta, fungua Settings, kisha See all settings, na chini ya General utaona Vacation responder. Chagua Vacation responder on, na ubandike ujumbe wako kwenye Message. Weka First day tarehe 1. Kwenye Last day weka tiki na uandike tarehe 28, si 29, kwa kuwa ujumbe huendelea kutumwa mpaka usiku wa siku hiyo ya mwisho. Usiweke tiki kwenye Only send a response to people in my Contacts, maana mzabuni mpya hatapata jibu lolote. Maliza kwa Save Changes. Kumbuka kwamba mtu yule yule akikuandikia tena na tena, Gmail humtumia jibu mara moja tu katika kila siku 4. Ndiyo maana ninasisitiza yote yawemo tangu mwanzo: huenda akaandika Jumatatu kuhusu jambo dogo, na Jumatano, mzigo ukiwa umefika, asipate jibu jingine la kumwelekeza.