Barua ya kuomba ruhusa ya kupaka rangi nyumba ya kupanga

"Nataka kupaka rangi upya sebule ya nyumba niliyopanga. Nimwandikieje mwenye nyumba ili akubali?"

Ndugu, kinachomtia wasiwasi mwenye nyumba ni hali ya kuta atakazozikuta siku utakapohama. Barua yako ijibu hilo kabla hajauliza. Kwa mfano:

"Naomba ruhusa ya kupaka kuta nne za sebule rangi ya maji, ya maziwa, isiyong'aa. Dari na milango sitaigusa. Nitaziba matundu na kupiga msasa kwanza. Gharama zote ni zangu. Naomba unijulishe kama nikihama niiache rangi hiyo au nirudishie nyeupe."

Sentensi ya mwisho ndiyo nzito. Ikikosa jibu la maandishi, gharama ya kurudishia nyeupe inaweza kukatwa kwenye amana yako. Rangi iliyokoza ni ngumu kufunika, mara nyingi hudai praima, yaani rangi ya msingi ya kutangulia, na kupakwa mara kadhaa, ndiyo maana mimi ningeomba rangi hafifu. Ambatisha kipande cha kadi ya rangi na picha za kuta zilivyo sasa.

Akikubali kwa mdomo, mwombe aandike hata ujumbe mfupi, na usifungue kopo kabla hujaupata.